Fyuzi ya Habib

Harufu ya samaki ilianza kusikika katika nyumba ya Nulu Nambozo mwishoni mwa mvua, na tangu jioni ya kwanza Nulu hakuwa na shaka aliyeileta ni nani. Katika nyumba nzima mtu aliyeuza samaki alikuwa mmoja tu: Akeyo, mpangaji wa chumba cha mbele, Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Na mtu asiye na maneno mengi, kwa Nulu, alikuwa ameyaficha mahali.

Masharti ya chumba yalikuwa wazi kama mchana. Samaki wabaki sokoni. Akeyo alikubali, na kila alasiri alirudi amenawa mikono kwa ndimu, kikapu kitupu, kanga safi. Lakini jioni, Nulu alipokuwa jikoni akikaanga sambusa za kupeleka kwenye maduka ya jumla asubuhi, akitoka tu kwenda ukumbini harufu ilimpokea. Si samaki wa kukaanga, si wa kuoza. Samaki tu, wa kukereketa koo, na mlangoni kwa Akeyo ilizidi.

"Akeyo, umeleta nini humu ndani?"

"Sijaleta kitu, mama. Hata mimi naisikia. Inatoka huku juu." Akeyo alionyesha dari.

Samaki darini! Nulu aliguna akarudi kwenye sambusa zake. Huyu alimwona mjinga kiasi gani?

Siku iliyofuata, Akeyo alipokwenda sokoni, Nulu alitumia ufunguo wake wa akiba. Alipekua kitanda, sanduku, mpaka mto akaubonyeza. Hakukuta hata gamba la samaki. Mtu mwingine angeona aibu. Nulu alizidi kushuku, kwa sababu anayeficha vizuri hivyo ana mazoea ya kuficha.

Na mwezi ule kila mtu alikuwa na mazoea ya kushuku. Vita vilikwisha, ndiyo. Serikali mpya ilikaribia kutimiza miaka miwili. Maduka ya Mbale yalianza tena kupakwa rangi. Lakini huko kaskazini bado risasi zililia, na mwezi ule wa Desemba mpaka wa Kenya ulichafuka, malori yakazuiwa, na kila Mkenya aliyebaki upande huu akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Watu waliokula samaki wa Akeyo mwaka mzima walianza kuulizana huyu mama hasa alikuja kufanya nini.

Ndipo redio ya Nulu ilipoanza kukwaruza. Ilikuwa redio ndogo ya betri, aliyoiweka dirishani jikoni ili asikilize habari akikaanga. Mchana iliongea vizuri. Jioni, akishawasha jiko lake la umeme la sahani mbili, habari zikafunikwa na krrr, krrr, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Taa nazo zikafifia. Akizima jiko usiku, redio inatulia, taa zinang'aa. Lakini Nulu hakuliwaza jiko. Jiko lilikuwa lake. Aliwaza kwamba jioni ndiyo saa Akeyo amerudi na kujifungia, na kwamba zamani watu walisema redio za mawasiliano za majasusi huchafua redio za kawaida na kula umeme.

Basi akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mzee Semei, fundi cherehani aliyezoea kusikiliza mashtaka huku mguu ukikanyaga mashine.

"Harufu tu si kitu, mama Nulu," alisema Semei. "Tukifunga watu kwa sababu ya samaki, Mbale nzima iko ndani. Na redio yako, labda betri nakwisha. Hiyo redio ya huyo mama, wewe meiona na macho?"

Nulu alimtazama. Mashine ilisimama. Alijua jibu la kweli, na alijua vilevile kwamba jibu la kweli lingemrudisha nyumbani mikono mitupu.

"Nimeiona," alisema. "Ndogo, nyeusi. Chini ya kitanda."

Jioni ile ile vijana wa kamati walimchukua Akeyo. Walipekua wasione redio, wakasema ameihamisha. Akafungiwa katika chumba cha nyuma cha ofisi ya kamati, kungoja askari wa kambini waje Ijumaa wampitie. Alitoka pale nyumbani bila kulia. Alimuuliza Nulu kitu kimoja tu, "Mama, nimekukosea nini?" Nulu akajifanya anafunga kanga yake.

Alhamisi asubuhi Nulu alipanda basi kwenda Jinja. Binti yake, Namono, alikuwa amejifungua huko Mafubira, na bibi gani hukaa siku mbili bila kumwona mjukuu? Alijiambia hivyo. Ukweli mwingine ni kwamba hakutaka kuwapo Ijumaa.

Kule Mafubira kulikuwa na tatizo la adabu. Namono aliolewa na Msoga, Bogere, fundi wa umeme, na kwa Wasoga mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawaketi chumba kimoja, wawe Waislamu wawe nini. Kwa hiyo Nulu aliwekwa jikoni nyuma, na Bogere akakaa barazani, ukuta katikati, wakaamkiana kwa sauti kupitia dirisha lililofungwa nusu. Nulu aliipenda desturi ile. Mwanamume usiyemwona huwezi kujua anapunguza nini katika unachomwambia, lakini naye hawezi kukusoma uso.

Namono alikuwa amechomeka birika la umeme kwa maji ya mtoto, akachomeka na pasi. Pap! Umeme ukakatika katika vyumba vya nyuma.

Nulu alicheka mpaka akashika mbavu. "Namono, mwambie mume wako mama mkwe wake anamcheka. Fundi mzima! Nyumba yake fyuzi hafifu kama uzi wa buibui. Kwangu Mbale jiko linawaka sahani zote mbili, pasi inapiga, taa zote zinawaka, na fyuzi ya marehemu baba yako Habib haijakatika hata siku moja tangu wakati wa vita."

Barazani kiti kilisogezwa. Kisha sauti ya Bogere ikaja, ya heshima, lakini imebadilika.

"Mama, haijakatika hata siku moja?"

"Hata moja."

"Marehemu baba aliifunga kwa waya gani?"

Nulu alisimulia kwa fahari. Wakati ule wa wanajeshi, magari yao yalipita mitaani jioni, na nyumba ambayo taa yake ilizimika ghafla gari likipita iliulizwa sababu. Walisema unatoa ishara, au umeficha watu. Nyumba ya jirani ilizimika kwa sababu ya fyuzi iliyokatika tu, na baba wa nyumba ile hakuonekana tena. Habib aliporudi kutoka mazishini, yale ya sanduku tupu, alifungua kisanduku cha fyuzi, akatoa ule waya mwembamba, akakata kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye kamba ya pasi, akakisokota mara mbili, akakifunga. "Nyumba hii haitazimika tena," alisema. Haikuzimika. Nusu ya mtaa ilikuja kumwomba awafungie vivyo hivyo. Habib alikuja kufa kwa homa mwaka uliofuata, kitandani pake, taa ikiwaka.

"Na jiko, mama, limechomekwa wapi?"

"Jikoni. Habib alivuta umeme kutoka taa ya chumba cha mbele. Wakati huo waya haukupatikana dukani hata kwa dawa, akatumia uliopo."

"Waya wa taa," alisema Bogere. Halikuwa swali. Nulu akaanza kumchukia. Mafundi wote ni wamoja, aliwaza. Watang'oa kizima ili wakuuzie kipya.

"Mama, nisamehe kuuliza. Humo ndani hamsikii harufu? Watu wengi husema ni kama ya samaki."

Namono ndiye aliyemwona mama yake wakati ule, na baadaye alisema alidhani mama amepatwa na kiharusi. Nulu aliweka kikombe chini polepole. Krrr, krrr, redio ilimkwaruza kichwani, na taa zikafifia huko Mbale.

"Inatoka wapi hiyo harufu?" aliuliza.

"Kwenye plastiki, mama. Zile nyeupe, za soketi na visanduku vya maungio ya nyaya. Zikipata moto sana, kabla ya kuwaka, hunuka samaki. Kipo kisanduku cha maungio chumba hicho cha mbele?"

"Darini," alisema Nulu. "Karibu na mlango."

Hakukuwa na kulala Mafubira. Walishika basi la mchana, Nulu kiti cha mbele, Bogere kiti cha mwisho kabisa na mkoba wake wa vifaa, wasionane. Njia nzima mpaka Tororo Nulu aliomba kitu kimoja: mkwe wake awe mwongo. Awe fundi mwizi kama wale wengine. Maana akiwa mwizi, Akeyo ni jasusi, na Nulu ni raia mwema. Akiwa mkweli, je? Pale Busiu askari waliwashusha wote kwenye kizuizi, wakapekua mizigo, wakauliza mkoba ule wenye koleo na nyaya ni wa nini. Nulu alisikia mkwe wake akijibu "Afande, mimi fundi, naenda kutengeneza kwa wakwe," na kwa mara ya kwanza akafahamu namna nyaya zinavyoonekana kwa mtu aliyekwisha kuamua.

Walilala Mbale, Nulu kwa jirani, Bogere msikitini kwa ajili ya adabu. Ijumaa alfajiri Nulu alifungua nyumba, akakaa uani, akamwachia mkwe afanye kazi ndani huku akimsikiliza kupitia mlango wa jikoni.

Bogere kwanza alizima swichi kuu. Kisha akachomoa kishikio cha fyuzi ya taa, kile cha kauri, chenye alama nyeupe.

"Mama, hiki ni cha taa. Kinataka waya wa amp tano, mwembamba kama unywele. Huu wa baba ungebeba thelathini na zaidi bila kutoka jasho."

"Si ndiyo nguvu hiyo?"

"Nguvu ya fyuzi, ndiyo. Lakini ule waya ulioko darini haukuongezwa nguvu. Ni ule ule wa taa, mwembamba. Amp kumi au kumi na mbili ndio mwisho wake. Jiko lako sahani zote mbili linakula nane, tisa. Pasi nne, tano. Weka na taa. Kila jioni unaubebesha kuliko uwezo wake, na jioni zote hizo hakuna wa kuukatia umeme. Fyuzi hailindi jiko wala taa. Inalinda waya. Kazi yake ni kufa kwanza. Baba aliikataza kufa, basi waya ndio ukaanza kufa, polepole, mahali msipopaona."

Nulu alitaka kumkemea kwa kumtaja Habib hivyo. Badala yake alisikia ngazi ikiburutwa hadi chumba cha Akeyo, misumari ya ubao wa dari ikilia. Halafu Bogere akasema "Laa ilaaha illa Llah," taratibu, si kwa ajili ya kusikiwa.

Alimwekea kitu mlangoni kwenye sinia, akarudi nyuma ili Nulu achukue. Kilikuwa kisanduku cheupe cha maungio, ila hakikuwa cheupe tena. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia, umejikunja kama karatasi iliyookolewa motoni, na skrubu moja imelegea, nyeusi, imeliwa. Kandoni mwake palikuwa na kipande cha waya. Nulu alikigusa, na mpira wake ukavunjika vidoleni kama ganda la karanga, shaba ikabaki wazi.

"Hapo kwenye skrubu iliyolegea umeme ulikuwa unaruka cheche," alisema Bogere nyuma ya ukuta. "Cheche hizo huchafua redio. Na ubao wa dari umekwisha kuwa mweusi, mama. Yule anayelala humu, kitanda chake kiko chini yake kabisa."

Nulu alikiinua kile kisanduku mpaka puani. Samaki.

Hasira ilikuja kwanza, kwa Habib, kwa wanajeshi, kwa mkwe wake na ujuzi wake. Ilipopita, hofu ikabaki peke yake. Yule mwanamke alimwambia. Alionyesha kwa kidole. Alilala chini ya moto akasema inatoka juu, na yeye Nulu akapekua mto.

Alikifunga kisanduku kwenye kitambaa, akatoka mbio, mbio kweli, mwanamke wa umri wake, buibui limeshikwa mkononi. Gari la askari lilikuwa limekwisha kufika. Lilisimama mbele ya ofisi ya kamati, dereva ameinamisha kichwa kwenye usukani, na mzee Semei mlangoni akizungumza na afande kijana aliyechoka. Akeyo alikaa kwenye benchi, miguu vumbi, bila viatu.

"Mwenyekiti, nusa," alisema Nulu, akamsukumia kisanduku.

Semei alinusa. Uso ukamkunjamana. "Samaki. Hii kitu nanuka samaki kabisa! Umetoa wapi?"

"Darini kwangu. Hakuna samaki. Ni umeme. Ni fyuzi ya marehemu mume wangu, aliifunga waya mnene kupita kiasi, waya wa ndani ukaungua. Na kelele za redio yangu ni cheche zake. Huyu mama hana kosa. Mkwe wangu fundi yuko nyumbani, nendeni mkamwulize."

Kisanduku kikapita mkono hadi mkono. Vijana wa kamati walinusa, dereva akaamka akanusa. Mmoja alicheka, akasema kwao pia fyuzi ni ya Habib, halafu kicheko kikamkauka, akaondoka upesi kuelekea nyumbani. Afande alikigeuzageuza, akasema kwa Kiswahili cha kambini, "Sasa mimi metoka kambi asubuhi yote, kukuja kukamata stima?" Lakini alionekana amefurahi kupunguziwa kazi. Akapanda gari, gari likaondoka.

Nulu alilitazama gari mpaka likapotea. Yamekwisha, alijiambia. Alimwendea Akeyo akamshika mkono kumwinua.

"Twende nyumbani, mwanangu. Ilikuwa harufu ya waya. Tumedanganywa wote. Fundi anaweka fyuzi inayostahili, na jiko anavutia waya wake peke yake, mnene, na fyuzi yake. Chumba chako kitakuwa salama kuliko vyote."

Akeyo alisimama. Alichukua kile kisanduku kutoka kwa Semei, akakinusa kwa utulivu, kama anavyonusa mtu anayechagua bidhaa sokoni.

"Ni kweli," alisema. "Hii ndiyo harufu." Akamrudishia mzee. "Na kelele, nimeelewa. Cheche."

"Ndiyo, mwanangu, cheche."

"Na ile redio?"

"Ipi?"

"Ndogo, nyeusi, chini ya kitanda. Mwenyekiti aliniambia wewe uliiona na macho yako. Siku mbili nafikiria: aliona nini huyu mama? Kiatu? Boksi? Nimetafuta kitu cheusi katika vitu vyangu vyote kwa kichwa, sijakipata." Hakupandisha sauti. Aliuliza kwa hamu ya kweli ya kujua. "Uliona nini, mama?"

Mzee Semei aligeuka kumtazama Nulu. Vijana waliobaki wakageuka. Nulu alikuwa na harufu ya kumtetea, kulikuwa na cheche, kulikuwa na Habib na wanajeshi wa Habib. Kwa hili hakukuwa na kitu.

"Sikuona kitu," alisema.

Akeyo aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu alilolijua. Alikwenda nyumbani kwa Nulu kufungasha vitu vyake. Bogere alikuwa juu ya ngazi, akivuta waya mpya. Alishuka akampisha, akamsaidia kutoa sanduku mlangoni. Jioni ile taa za Nulu ziliwaka vizuri, jiko likawaka peke yake, na ukumbini hakukuwa na harufu yoyote. Nulu alikaanga sambusa, akaziunguza.